Gunia la tatu: jinsi ninavyotengeneza slaidi za kumleta msikilizaji mpya

Kazi yangu ni kutengeneza posti za slaidi za Instagram kwa watu wenye podikasti na majarida ya barua pepe. Leo nieleze posti moja tu, niliyoitengeneza mara mbili. Ya kwanza ilisifiwa na haikuleta wasikilizaji. Ya pili iliwaleta.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha dakika 42, kuhusu kuhifadhi mahindi nyumbani yasiingie sumukuvu. Mgeni alikuwa mama mkulima. Katika toleo la kwanza slaidi ya mbele ilikuwa na picha yake, namba ya kipindi, na maneno "Mambo 7 kuhusu uhifadhi bora wa mahindi". Zikafuata slaidi saba, kila moja na jambo lake, kisha ya mwisho ikasema "Sikiliza sasa". Watu waliihifadhi kwa wingi, lakini waliofungua ukurasa wetu kutoka kwenye posti walikuwa wachache mno. Hiyo ndiyo dalili ninayoitazama kwanza hadi leo. Posti inayohifadhiwa sana bila mtu kugusa jina la ukurasa imekuwa kipeperushi: msomaji amepata kila kitu pale pale, na hana sababu ya kuingia ndani.

Nikarudi kukisikiliza kipindi chote tena, na daftari mkononi. Siku hizi sitengenezi slaidi hata moja kwa kutegemea muhtasari niliotumiwa, kwa sababu muhtasari hutaja mada, na nukuu haimo kwenye mada. Dakika ya 17 yule mama alisema: "Gunia la kwanza zima, la pili zima. Nilipofungua la tatu, nikakaa chini."

Nikasimamisha sauti. Hapo kuna mtu, kuna tendo, na kuna swali ambalo msomaji hawezi kulikwepa: gunia la tatu lilikuwa na nini, na kwa nini hilo tu? Mtangazaji alikuwa amependekeza nukuu nyingine, "Uhifadhi mzuri ni msingi wa usalama wa chakula." Ni kweli tupu, ila haimwachii mtu deni la kusikiliza. Nukuu ya kumvuta mgeni huwa naipima hivi: ukimsomea mtu asiyejua lolote kuhusu kipindi, atauliza "Halafu?" au atatikisa kichwa tu? Akitikisa kichwa, naiacha.

Nukuu hiyo ndiyo ikawa slaidi ya kwanza, peke yake, herufi kubwa, bila namba ya kipindi wala nembo kubwa. Maneno kumi na mawili yanasomeka kwenye simu ndogo juani. Yakivuka ishirini, napunguza. Lakini kupunguza kuna mpaka wake: naondoa "yaani" na "eeh", siunganishi sentensi ya dakika ya 17 na ya dakika ya 30 kana kwamba zilisemwa pamoja. Na mwenye maneno huonyeshwa slaidi yake kabla haijapandishwa. Yule mama aliposoma alisema, "Mwanangu, ndivyo nilivyosema," nikapata amani.

Slaidi ya pili watu wengi huipuuza. Instagram inaweza kumrudishia posti mtu aliyeipita bila kusogeza, safari hii ikianzia slaidi ya pili. Kwa hiyo ya pili lazima isimame yenyewe. Niliandika: "Mahindi ya shamba moja, yaliyovunwa wiki moja. Magunia mawili yalipona, moja likaota ukungu." Aliyekosa nukuu bado anaelewa kisa, na aliyeisoma amesogea hatua moja mbele.

Sasa kwenye mafunzo yenyewe. Badala ya mambo saba nilichagua mawili. Lile la kwanza nililitoa lote, bila kubana, kwa sababu mtu asiyekufahamu hana sababu ya kukupa dakika 42 kabla hujampa kitu. Nilitumia kipimo cha chupa: tia mahindi theluthi ya chupa ya kioo iliyo kavu, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi, yarudishe juani. Mtu anaweza kulifanya jioni hiyohiyo bila kusikiliza hata sekunde moja. Hapo ndipo ninapotofautisha funzo na mada. "Tunazungumzia unyevu" ni mada.

Funzo la pili lilitoka kwenye udhaifu wa hilo la kwanza. Chupa inakamata unyevu unaozidi takriban asilimia 15, wakati mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi 13.5 au chini yake. Kwa hiyo slaidi ikasema: "Chupa ikibaki safi, usifunge gunia bado." Namba hizo mbili zikafuata, pamoja na dakika ambayo mtaalamu aliyekuwemo kwenye kipindi anaeleza namna ya kuziba pengo hilo. Angalia kwamba sikuficha hatari. Jambo linaloweza kumdhuru mtu asipolijua haliwi chambo. Linaandikwa wazi, na kinachobaki ndani ya kipindi ni maelezo na kisa.

Kisa ndicho nilichobakiza. Sikusema kwamba gunia la tatu liliegemezwa ukutani, nje ya chaga, likanyonya unyevu wa ukuta msimu mzima. Slaidi ya sita iliuliza tu: "Gunia la tatu lilikuwa limewekwa wapi?" na chini yake, "Dakika ya 17." Dakika hiyo ina kazi kubwa. Aliyekuja kwa ajili ya nukuu akisubirishwa bila kujua iko wapi, anaondoka akiona amedanganywa, na harudi.

Slaidi ya saba ilikuwa na agizo moja. Linki haibonyezeki ndani ya picha wala kwenye maelezo ya posti, hivyo kuiandika pale ni kupoteza nafasi. Tuliandika "Linki iko kwenye bayo", na chini yake: "Dakika 42, kama MB 40." Faili letu ni la 128 kbps, ambayo ni karibu MB moja kwa dakika. Msikilizaji wa bando la siku anataka kujua hilo kabla ya kubonyeza, na wengi walituandikia kushukuru kwa mstari huo.

Linki ya bayo inapita kwanza kwenye ukurasa wetu wenyewe, ikiwa na mkia huu:

```
?utm_source=instagram&utm_medium=karuseli&utm_campaign=gunia-la-tatu
```

Mkia huo unatuonyesha waliotoka kwenye posti hii, mradi tovuti yako ina kifaa cha kuhesabu wageni. Ukiwapeleka moja kwa moja kwenye programu ya kusikilizia, hautakusaidia. Ndani ya Instagram kwenyewe naangalia sehemu ya waliofikiwa ambao si wafuasi. Wafuasi wako wangesikiliza hata bila slaidi.

Kwa vipimo, natumia pikseli 1080 kwa 1350, na slaidi zote ziwe za umbo moja, maana ya kwanza ndiyo inayoamua umbo la zilizobaki na nyingine hukatwa. Maandishi nayaweka mbali na kingo, kwa sababu kwenye gridi ya ukurasa picha huonekana imepunguzwa.

Posti hiyo ya pili ilikaa wiki moja, kisha maoni yakaanza kufanana: watu walikuwa wakibashiri gunia lilikuwa wapi. Mmoja akaandika "sakafuni", mwingine "jikoni karibu na moshi". Tulimwomba mtangazaji asimtajie hata mmoja jibu lenyewe. Aliwaandikia wote dakika ileile, 17.