Barua ya benki ina namba mbili: anza na ndogo

Kazi yangu ni kuandika upya barua za benki ili mkopaji azielewe, na barua inayonipa kazi kubwa kuliko zote ni notisi ya marejesho yaliyochelewa.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Mbagala aliyeweka nyumba yake rehani. Rejesho lake ni shilingi 1,150,000 kila tarehe 25, na hajalipa la Januari wala la Februari. Notisi inamwambia: "Unatakiwa kurekebisha ukiukwaji wa mkataba ndani ya siku 60, vinginevyo salio lote la shilingi 17,640,000 litaiva na benki itatekeleza haki zake juu ya dhamana." Hapo anaona milioni 17 na mnada, anazima simu. Anachodaiwa leo hakimo.

Mimi ningeandika: "Hujalipa marejesho ya Januari na Februari. Pamoja na tozo ya kuchelewa, leo unadaiwa shilingi 2,392,000. Hadi kufikia tarehe ____, lipa kiasi hicho pamoja na marejesho yatakayokuwa yamefika, na mkopo utaendelea kama kawaida. Usipolipa, benki inaweza kukudai salio lote, shilingi 17,640,000, na kuuza nyumba yako."

Wapo wanaotaka sentensi ya mwisho iondolewe, eti inatisha. Haiondoki. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi ya Tanzania kinataka notisi imweleze mkopaji kosa lake, namna ya kulirekebisha, na kwamba baada ya siku 60 deni lote linaweza kudaiwa na nyumba kuuzwa. Ninachobadilisha ni mpangilio tu.

Ile nafasi ya tarehe nimeiacha wazi makusudi. Siku 60 huhesabiwa tangu mkopaji anapopokea notisi. Barua ya tarehe 3 Machi mkopaji akiipokea na kuisaini 10 Machi, siku zinaishia 9 Mei. Ukihesabu tangu ilipoandikwa, unaishia 2 Mei. Kwa hiyo afisa mikopo aijaze wakati wa kuikabidhi, na nakala zote mbili, ya benki na ya mkopaji, zifanane.

Penye mtego ni "marejesho yatakayokuwa yamefika". Kabla ya 9 Mei zitapita 25 Machi na 25 Aprili. Mtu anayejikusanyia 2,392,000 taratibu na kuipeleka Mei mosi atakuta bado anadaiwa 2,300,000 nyingine, pamoja na tozo. Isitoshe, mikataba mingi hukata tozo na riba kwanza, kwa hiyo ukipeleka 1,150,000 hujafuta mwezi mzima.

Siku 60 zikiisha, nyumba haiuzwi kesho yake asubuhi. Mnada wa ardhi unahitaji tangazo la wazi la angalau siku 14. Lakini deni lote linaweza kudaiwa tangu hapo, na mazungumzo huwa magumu zaidi. Ndiyo maana chini ya barua naweka jina na simu ya afisa mmoja, na swali la kumuuliza: "Nikilipa tarehe fulani, nilete shilingi ngapi ili nisidaiwe chochote cha nyuma?" Jibu aliombe kwa maandishi.