Feni, kipoza hewa cha maji au kiyoyozi: chumba kimoja cha kulala Unguja

Kila kaskazi ikiingia tunaulizwa swali lile lile: kile kisanduku cha feni chenye tangi la maji, je, si kiyoyozi cha bei nafuu? Kwa hapa kwetu, sivyo, na kipimajoto cha kawaida kinatosha kukuonesha kwa nini.

Pima joto la chumba. Kisha funga kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha ya kipimajoto na ukipepee kwa dakika tano. Tuseme chumbani Mpendae, saa mbili usiku, kikavu kimesoma nyuzi 30, chenye kitambaa 27. Tofauti hiyo ya nyuzi 3 ndiyo mwisho wa uwezo wa kipoza hewa, kwa sababu kinapoza kwa kukausha maji, na hewa yetu tayari imekaribia kushiba unyevu. Kwa kawaida hupati hata zote tatu. Utapata mbili hivi. Dodoma wakati wa kiangazi tofauti hufika nyuzi 10, ndiyo maana huko watu wanakisifu. Ukifunga madirisha, maji yanayopotea tangini yanabaki chumbani: jasho halikauki, na asubuhi shuka limekaa kama limeanuliwa kabla halijakauka. Kikilazimu kutumika, kipe dirisha wazi.

Sasa umeme. Chukua chumba cha futi 12 kwa 12, usiku wa saa tisa. Feni ya dari ya wati 70 inakula uniti 0.63, karibu 19 kwa mwezi. Kipoza hewa cha wati 150 kinafika 40. Kiyoyozi cha 9,000 BTU kinavuta kama wati 850 kompresa ikifanya kazi. Ikifanya kazi saa sita kati ya hizo tisa, ni uniti 153. Kwa bei ya mfano ya shilingi 300 kwa uniti, ni shilingi 5,700, 12,000 na 46,000 (wewe weka bei iliyo kwenye risiti yako ya umeme).

Kwa maoni yangu, asiyeweza kulipa hizo 46,000 asinunue kipoza hewa. Atumie feni, na kiyoyozi kwa saa mbili za mwanzo tu. Hapo ni uniti 1.7 za kiyoyozi na 0.5 za feni kwa usiku, yaani 66 kwa mwezi. Kuta za matofali zilizopigwa na jua mchana zitarudisha joto baadaye, lakini unyevu umeshapungua na usingizi umeshakupata.

Kiyoyozi kiweke nyuzi 26, feni ikizunguka taratibu. Ukikiweka 18 hakipozi haraka zaidi. Kompresa inakosa tu wakati wa kupumzika. Na feni haipozi chumba, inapoza ngozi ya aliyemo. Ukitoka, izime.