Muhtasari wa kikao cha mtoto mwenye uoni hafifu: namna ya kuuandika ufanye kazi

Katika kazi yangu ya kupima watoto wenye mahitaji maalumu napitia mafaili mengi ya shule. Mara nyingi nakuta muhtasari wa kikao wenye mahudhurio kamili, sahihi na muhuri, na katikati sentensi moja: "Ilikubaliwa kwamba walimu wamsaidie mtoto." Mwalimu aliyehamia shuleni wiki iliyopita akiisoma sentensi hiyo hajui aanzie wapi. Mzazi naye, mambo yasipokwenda, hana cha kumkumbusha mtu.

Nitaeleza kikao kimoja ili ionekane muhtasari mzuri unaandikwaje. Mfano huu nimeuunda kutokana na vikao vingi, asije akatambulika mtoto yeyote.

Mwanafunzi ni msichana wa miaka 10, mwenye ualbino, yuko Darasa la Nne katika shule ya kawaida ya msingi. Tarehe 12 Februari walikaa mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa malezi na unasihi, baba, mama na mimi. Mtoto aliingia nusu ya kwanza ya kikao, akaulizwa ni nini kinamsumbua zaidi darasani. Akajibu: "Mwalimu anafuta ubao kabla sijamaliza." Jibu lake liliandikwa hivyo hivyo, kwa maneno yake.

Kabla ya kuahidiana chochote, tuliandika hali ilivyo, maana bila hali ya mwanzo siku ya mapitio hamna cha kulinganisha. Akiwa dawati la mstari wa tatu alinakili mistari minne kati ya kumi ya ubaoni, wakati wenzake walishamaliza. Akisimama hatua moja kutoka ubaoni alisoma yote. Kwenye karatasi ya herufi za ukubwa wa 12 alisoma maneno 21 kwa dakika. Habari nyingine ya kiwango kilekile, kwa herufi za ukubwa wa 20, alisoma maneno 48.

Mwalimu wa darasa alizitazama namba hizo akanyamaza kidogo. Kwenye ripoti ya mwaka uliopita mtoto huyu aliandikwa kuwa ni mzito wa kuelewa. Namba zilionyesha kwamba shida yake ni kuona.

Hapo mama akasema jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Nyumbani binti huleta kitabu karibu kabisa na uso, nao humkataza wakiogopa ataharibu macho. Nilimweleza kwamba kusogeza kitabu hakuharibu macho. Ualbino huathiri sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo, na mara nyingi macho huchezacheza yenyewe, kwa hiyo hata miwani haiwezi kuyarudisha yaone kama ya wenzake. Kusogeza karibu ndiyo njia yake ya kukuza herufi. Liliandikwa azimio: nyumbani na shuleni asikatazwe. Halikugharimu hata shilingi, na kwa maoni yangu lilikuwa azimio bora la siku ile.

Maazimio mengine yaliandikwa kwa mtindo mmoja: nani, atafanya nini, kuanzia lini, na tutajuaje kwamba limefanyika. Badala ya "akae mbele", tuliandika kwamba kuanzia kesho yake mwalimu wa darasa atamweka dawati la mbele katikati, dirisha likiwa nyuma yake ili mwanga usimpige machoni, na ana ruhusa ya kusogea ubaoni bila kuomba. Kila mwalimu atasoma kwa sauti anachokiandika ubaoni. Gwaride na michezo atakuwa kivulini au amevaa kofia pana na mikono mirefu, kofia isihesabiwe kuwa ni kuvunja sare.

Kwenye herufi kubwa nusura tuteleze. Mwalimu wa taaluma alipendekeza majaribio yakuzwe kwa kutoa kopi kutoka karatasi ya A4 kwenda A3. Wengi hufanya hivyo, lakini kopi ya namna hiyo hukuza mara 1.4 tu, kwa hiyo herufi ya 12 inakuwa 17, na karatasi kubwa inafunika dawati zima. Tulikubaliana jaribio lake lichapwe upya kutoka kwenye kompyuta ya ofisi kwa ukubwa wa 20, na mwalimu wa taaluma ndiye mhusika. Yeye pia alipewa kazi ya kuhakikisha kwamba shule inaposajili watahiniwa wa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, mtoto huyu anaonyeshwa kuwa na uoni hafifu. Karatasi ya maandishi makubwa huandaliwa mapema kwa waliosajiliwa hivyo. Mwalimu mkuu hawezi kuitengeneza siku ya mtihani.

Baba alichukua jukumu la kumpeleka kliniki ya macho kabla ya mwisho wa Machi, apimwe miwani na kuangaliwa kama lenzi ya kukuzia itamfaa. Tulimuuliza wazi kama nauli ipo. Akasema ataipata baada ya kuuza mahindi, nasi tukaandika tarehe kwa kufuata mauzo hayo.

Mwalimu wa unasihi alikuwa amezungumza na mtoto mara mbili. Kwenye muhtasari aliandika mambo mawili tu: kwamba mtoto anaitwa majina ya kuudhi wakati wa mapumziko, na kwamba mnasihi ataonana naye kila Alhamisi na kuzungumza na darasa zima kuhusu ualbino. Majina ya waliomwita, na mengine aliyoambiwa kwa siri, yalibaki kwake. Muhtasari hupita mikononi mwa wengi, na mtoto akikuta siri yake humo hatasema tena.

Kulikuwa na jambo moja tusiloafikiana. Baba alitaka binti ahamishiwe shule maalumu ya bweni, mama hakutaka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida na kupewa msaada anaouhitaji, lakini hofu ya baba ilikuwa ya kweli, hasa njia ya kwenda shule asubuhi. Tuliandika rai zote mbili na neno "haijaamuliwa". Kuna makatibu wanaoifuta sehemu kama hiyo ili muhtasari upendeze, na mzazi akisomewa anaona hakusikilizwa.

Mwisho muhtasari ulisomwa wote kwa sauti, wazazi wakasahihisha sehemu moja, kisha wakasaini na kuondoka na nakala yao. Tarehe ya mapitio iliwekwa 14 Mei, ili kama kuna la kubadilisha libadilishwe mapema kabla ya upimaji.

Siku hiyo tulianza na yatokanayo, azimio moja baada ya jingine. Miwani ilipatikana Aprili, wiki mbili nyuma ya tarehe. Kusoma kwa sauti walimu wawili walikuwa wanafanya, wa tatu alikiri kusahau, na jina la somo lake likaandikwa. Mistari ya ubaoni ilifika minane kati ya kumi. Lakini kwenye daftari lake tulikuta makosa yaleyale ya jirani yake wa dawati: alikuwa ananakili kwake pale mwalimu wa tatu alipokaa kimya. Tukaongeza azimio kwamba mwalimu huyo ampe maelezo yake yaliyochapwa kabla ya kipindi, kuanzia Jumatatu. Kuhusu bweni, baba aliomba lisubiri hadi mapitio ya Septemba 10, na likaandikwa hivyo.