Dhana potofu ambazo mameneja wanazo kuhusu usafi wa ofisi, na maneno ya kuwaambia

Hii naandikia masupavaiza na wale wanaoenda kuongea na wateja kwa niaba ya kampuni ya usafi hapa Kampala, kwa sababu naona watu wengi wakiingia kwa meneja wanaanza na "sisi tuko propesheno, klina wetu ni waaminifu, mtatupenda", na meneja ameshasikia hayo kwa kampuni tatu zilizopita na zote zilimwangusha. Meneja anaanza kukuamini siku unapompa kitu ambacho anaweza kukipima mwenyewe hata wewe ukiwa haupo. Kwa hiyo chukua dhana alizonazo kichwani, moja moja, umuonyeshe ukweli kwa upole.

DHANA: Klina aje alfajiri amalize kila kitu kabla staff hawajaingia, basi siku nzima ofisi itakuwa safi.

UKWELI: Sakafu na madawati ndiyo, hizo zifanywe mapema. Lakini choo kinachafuka na watu, na watu wanakuja baada ya klina kuondoka, kwa hiyo malalamiko ya choo karibu yote yanakuja mchana baada ya lunch. Halafu kuna vumbi letu jekundu, na ikifika Machi mpaka Mei au ile mvua ya Septemba kuendelea, mvua ikinyesha saa nane watu wanaingia na matope mpaka reseption na ile kazi ya alfajiri inakuwa kama haikufanyika.

Wengine wakielewa hilo wanaruka upande wa pili, wanasema basi klina mmoja akae kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hapo usikubali tu ili upate kontrakti. Masaa 12 kwa siku 6 ni masaa 72 kwa wiki, na sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inasema masaa ya kawaida yasizidi 48. Sheria ukiiweka pembeni kidogo, mtu aliyesimama masaa 12 kazi yake ya mwisho inaonekana tu kwa macho. Mwambie hivi:

"Madamu, badala ya mtu mmoja siku nzima naomba tuweke wawili. Wa kwanza aanze saa kumi na mbili asubuhi atoke saa nane, wa pili aje saa nne atoke saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja ana masaa 8, kwa siku 6 ni 48. Na kutoka saa nne mpaka saa nane wote wako hapa, wakati wa chai na lunch ambapo choo na jiko vinachafuka zaidi."

Ndiyo, atauliza gharama inapanda kiasi gani, na umjibu kwa namba hapo hapo, usiseme "tutaangalia". Ikiwa hawezi kulipa wawili, mpe klina mmoja wa asubuhi na mwingine wa masaa machache tu mchana, lakini mwambie wazi ni choo gani kitakaguliwa saa ngapi na kipi hakitakaguliwa, asije akajua mwenyewe baadaye.

DHANA: Nikimkuta klina amesimama chooni hafanyi kitu, anazembea.

UKWELI: Inategemea. Dawa ya kuua vijidudu inataka muda wa kukaa ikiwa na unyevu, soma lebo, nyingi zinasema dakika kadhaa mpaka 10. Ukimwaga na kusuuza hapo hapo umepoteza dawa tu. Klina aliyefunzwa anasugua uchafu kwanza, anaweka dawa vyoo vyote, anaenda kwa vioo na sinki, halafu anarudi kusuuza. Meneja akijua huo mpangilio ataacha kumfokea, na pia atajua kumkamata yule anayezembea kweli, maana huyo utamkuta sinki bado chafu na bakuli bado kavu.

DHANA: Sabuni nyingi na povu jingi ndiyo usafi.

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu uaminifu wa meneja na kampuni mara nyingi unavunjikia kwa sitoo ya sabuni.

UKWELI: Sabuni ikizidi maji hayaiondoi yote, inabaki juu ya tailizi kama utandu, vumbi linagandia, na baada ya siku chache sakafu inakuwa na rangi ya udongo hata kama inapigwa mopu kila asubuhi. Meneja anasema klina hafanyi kazi, klina anaongeza sabuni, na tailizi zinazidi kuchafuka. Kipimo ni rahisi, mwaga maji safi kidogo mahali palipokauka usugue na kitambaa cheupe, ikitoa povu jua sabuni ilibaki. Dawa yake ni kupiga mopu na maji matupu mara mbili tatu, halafu kurudi kwa kipimo sahihi.

Sasa twende kwa hesabu. Tuseme ofisi ya ghorofa mbili kule Nakawa, na sabuni yenu ya sakafu ni ile nzito ya jerikeni ya lita 5 ambayo lebo inasema kipimo 1 kwa maji 40. Ndoo ya lita 10 inataka robo lita ya sabuni, basi. Kwa hiyo jerikeni moja inatoa ndoo 20. Ghorofa zote mbili asubuhi zinakula ndoo 4, mchana koridoo na reseption ndoo 1, jumla 5 kwa siku. Jerikeni inakwisha baada ya siku 4. Mwezi wa siku 24 za kazi unataka jerikeni 6.

Ukijua hiyo, angalia kilichonunuliwa. Meneja akikuonyesha risiti za kampuni iliyopita na ni jerikeni 12 kwa mwezi, kuna njia mbili ambazo sabuni ilipitia. Ya kwanza ni kumwaga kwa macho, klina anatumia kikombe cha nusu lita badala ya robo, matumizi yanakuwa mara mbili bila mtu kuiba hata tone. Ya pili ni sabuni kuibwa ikapita getini. Unatofautishaje? Rudi kwa sakafu. Ikitoa povu kwenye kile kipimo cha kitambaa, sabuni imemwagwa sakafuni. Ikiwa haitoi povu na jerikeni bado zinaisha haraka, hiyo sabuni haikufika sakafuni. Kabla ya kumshtaki mtu fanya hicho kipimo kwanza, maana nimeona klina wanafukuzwa kwa wizi na tatizo lilikuwa kikombe tu.

Kuna na ile ya kuongeza maji kwenye jerikeni ili isionekane imepungua. Piga alama ya peni kwa usawa wa sabuni kila Jumamosi jioni, andika tarehe pembeni. Sabuni iliyoongezwa maji inakuwa nyepesi, ukiimimina haivutiki, na hesabu ya alama haitalingana na ndoo.

Maneno ya kumwambia meneja:

"Mzee, sisi hatuleti sabuni tunayotaka halafu tunakupa bili. Hii karatasi inaonyesha ndoo ngapi kwa siku na jerikeni ngapi kwa mwezi. Kikombe cha kipimo kitafungwa kamba kwenye sitoo, kimoja tu. Mwezi ukizidi jerikeni 7 mimi nakuja kukueleza kwa nini kabla hujaniuliza, na ukishuka chini ya 5 pia nakuja, kwa sababu hiyo inaweza kumaanisha sakafu haipigwi mopu."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Mameneja wengi hawajawahi kusikia kampuni ikisema kwamba matumizi madogo nayo ni dalili mbaya, na hapo ndipo anaanza kukusikiliza.

JIK nayo ina mambo yake mafupi. Ichanganywe asubuhi itumike siku hiyo, iliyobaki imwagwe kwa sababu ikishachanganywa na maji inapoteza nguvu, ya juzi kwenye chupa ya kupulizia siyo dawa tena. Na isiwekwe kabisa pamoja na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, kwa choo kidogo kisicho na dirisha mtu anaweza kuzirai. Ndiyo maana kila dawa ikae kwa chupa yake yenye jina, siyo kwa chupa ya soda. Pia weka akiba ya maji kwa mpango, siku bomba likikatika hizo ndoo 5 ni lita 50, jerikeni mbili na nusu za lita 20, bila kuhesabu choo na kusuuza mopu.

DHANA: Ile fomu nyuma ya mlango wa choo yenye sahihi kila saa ni ushahidi wa kazi.

UKWELI: Ni ushahidi kwamba kulikuwa na peni. Angalia vizuri utaona mara nyingi sahihi zote zina wino mmoja na mkono mmoja, zimejazwa jioni kwa mpigo. Usiitupe hiyo fomu, lakini usiitegemee. Kinachosaidia ni ukaguzi wa sehemu ambazo klina hajui zitachaguliwa, na mtu wa meneja awepo. Mimi napenda hizi: juu ya fremu ya mlango, nyuma ya bakuli la choo pale linaposhika ukuta, swichi za taa, kona za sakafu nyuma ya mlango, na mpini wa friji. Kitambaa cheupe kinapita, kama kina uchafu kinaonyeshwa, kinaandikwa, na kinarudiwa kukaguliwa kesho yake.

Usisahau vitambaa vyenyewe. Nyekundu choo, bluu madawati, kijani jikoni. Ukikuta nyekundu imeanikwa pamoja na kijani, hapo una shida kubwa kuliko vumbi la juu ya mlango, na supavaiza ndiye wa kuulizwa.

Kuhusu supavaiza, meneja akisema "sihitaji supavaiza, nitaongea na klina mwenyewe", mweleze taratibu kwamba klina akipata maagizo kwa meneja, kwa mtu wa hesabu, kwa sekretari na kwa askari wa getini, anafuata ya aliyepiga kelele zaidi na choo kinasahaulika. Muombe mtu mmoja upande wake na mmoja upande wenu.

Na kosa likitokea, supavaiza apige simu kabla meneja hajaliona, aseme kilichotokea, kimefanyika nini, na saa ngapi kitakuwa sawa:

"Madamu, choo cha juu hakikufanywa saa kumi, klina wetu aliugua akaenda kliniki. Nimemtoa mwingine Bugolobi, yuko njiani na boda, saa kumi na moja kasoro kitakuwa tayari na nitakuwa hapo mwenyewe kukiangalia."