Mjamzito, ukimaliza kutapika usikimbilie mswaki

Mama mmoja alikuja kliniki akiwa na ujauzito wa wiki 11. Fizi zilikuwa zikimtoka damu kila akipiga mswaki, basi akaacha kuzigusa, akawa anasugua meno juu juu tu. Tena alikuwa akitapika kila asubuhi, na akishatapika anapiga mswaki papo hapo kuondoa ule uchachu. Panapotakiwa mswaki ameacha, wakati usiotakiwa mswaki anasugua.

Matapishi huja na tindikali ya tumbo, nayo hulainisha enameli, lile gamba gumu la nje ya jino. Ukisugua wakati huo unaikwangua. Meno yanayoumia zaidi ni ya mbele ya juu, tena upande wa ndani unaoguswa na ulimi, ndiyo maana kwenye kioo huoni kitu mpaka siku maji baridi yanapokushtua. Koroga kijiko kimoja cha chai cha baikaboneti ya soda, ile ya kuumulia unga, katika kikombe cha maji. Sukutua, kisha tema. Ukiikosa, maji matupu yanasaidia. Mswaki usubiri nusu saa hadi saa nzima. Kama mswaki wenyewe ndio unaokutapisha, tafuta wenye kichwa kidogo, na upige saa ambayo kichefuchefu kimetulia.

Fizi nazo zina habari yake. Homoni za ujauzito huongeza damu kwenye fizi na kuzifanya ziwe kali dhidi ya ukoga, hata ule mdogo ambao zamani hazikuujali. Kwa hiyo damu ile haisemi "acha", inasema ukoga umebaki pale. Tumia mswaki laini, taratibu, mpaka ukingoni mwa fizi, mara mbili kwa siku. Uvimbe huu huanza takriban mwezi wa pili au wa tatu na kupungua baada ya kujifungua. Wengine huota kinyama chekundu katikati ya meno. Jina lake la kitabibu linatisha, lakini si saratani, na mara nyingi hunywea chenyewe mtoto akishazaliwa. Hata hivyo, kionyeshe kwa daktari.

Mama yule aliuliza, "Dokta, si tungoje nijifungue?" Tulimsafisha ugaga, yaani ukoga ulioganda ukawa mgumu, wiki ya 16. Wiki ya 14 hadi 20 ndiyo yenye nafuu: kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Lakini angekuwa na jino lenye usaha tungemtibu siku ile ile, kwa sababu maambukizi hayangoji. Sindano ya ganzi ya lignokaini haimdhuru mtoto, na eksirei ya jino hupigwa ikihitajika. Tunachochunga zaidi ni dawa: doksisaiklini na tetrasaiklini hutia rangi meno ya mtoto, na ibuprofeni usiinywe bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20. Kwa maumivu, kwa kawaida tunatoa parasetamoli.

Miezi ya mwisho, ukilala chali kitini mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa wa damu. Ukisikia kizunguzungu sema hapo hapo, tukuwekee mto chini ya nyonga ya kulia uegemee kushoto.