Katiba ya kikundi kwenye picha ndefu: kifungu cha mkopo, hatua kwa hatua

Kazi ninayoletewa mara kwa mara ni hii: kikundi cha kuweka na kukopa kina katiba ya kurasa kadhaa, imelazwa sandukuni pamoja na vitabu vya hisa, na hakuna anayeifungua mpaka ugomvi uzuke. Sasa wanataka infografiki, picha moja ndefu ambayo mwanachama ataiteremsha kwa kidole gumba kwenye simu.

Huwa naanza na kifungu cha mkopo, kwa sababu ndicho chenye hatua za kweli. Faini na mahudhurio ni masharti ya siku zote, hayana la kwanza wala la pili. Ukiyapa namba, msomaji atadhani lazima achelewe mkutanoni kabla ya kukosa adabu. Hayo nayaweka kando bila namba.

Kifungu kimoja nilichoshughulikia kilisomeka hivi: "Mwanachama anaweza kukopa kiasi kisichozidi mara tatu ya thamani ya hisa zake, kwa idhini ya mkutano, na atarejesha pamoja na riba ndani ya miezi mitatu, mradi asiwe na mkopo mwingine ambao haujaisha."

Kabla ya kugusa kompyuta, nilichukua penseli nikazungushia duara neno "mradi". Kwenye karatasi sharti hilo kukaa mwishoni si tatizo, maana jicho linaona sentensi nzima. Kwenye simu, mtu mwenye deni atapiga hesabu, atafurahi, kisha agundue chini kabisa kwamba hastahili. Kwa hiyo la mwisho likawa la kwanza:

1. Je, una mkopo ambao haujaisha? Maliza huo kwanza.
2. Fungua kitabu chako, hesabu hisa zako.
3. Zidisha kwa tatu. Hisa 20 zinakuruhusu kukopa hadi thamani ya hisa 60.
4. Omba mbele ya mkutano, useme na sababu.
5. Wanachama wakikubali, pesa zinahesabiwa mbele ya wote na katibu anaandika.
6. Rejesha mkopo na riba ndani ya miezi mitatu.

Katika hatua ya sita nilikwama. Miezi mitatu tangu lini? Tangu siku ya idhini, au siku pesa zilipotoka sandukuni? Katiba ilikuwa kimya. Mwenyekiti aliniambia, "Andika tu siku ya idhini, sote tunajua." Mweka hazina, aliyekaa pembeni yake, alikuwa anajua vingine. Mchoraji hana mamlaka ya kutunga kanuni, basi niliacha nafasi hiyo wazi mpaka mkutano ulipoamua.

Ikoni nazijaribu kwa kuficha maneno na kumuuliza mwanachama ambaye hakuwapo tulipochora: hii inasema nini? Kufuli niliyoiweka kumaanisha sanduku ilisomwa "hairuhusiwi", kwa kuwa ndivyo kufuli inavyomaanisha ndani ya simu. Nikachora sanduku lenyewe, na kufuli zake tatu zikionekana. Hisa niliichora kama muhuri, kwa sababu muhuri ndio wanaogongewa kitabuni kila wanunuapo. Ikishapata maana, ikoni haibebi maana ya pili popote pale.

Vipimo sasa. Upana natumia pikseli 1080, maandishi ya kawaida pikseli 48 kwenda juu, namba za hatua kubwa zaidi ya mara mbili. Kila hatua ilichukua pikseli 800 kwenda chini, hivyo picha nzima ikawa 1080 kwa 4800. Kwenye kompyuta ilipendeza. Nilipoituma WhatsApp kama picha ya kawaida, ikamfikia mwenzangu ina urefu wa 1600: imebanwa mara tatu kila upande, upana umebaki 360 na herufi za 48 zimekuwa 16. Alipoivuta ijaze kioo, ukungu mtupu. Ndiyo maana najaribu kwa kujitumia kwenye simu nyingine, kamwe siamini faili iliyo mezani kwangu.

Dawa ni mbili. Unaweza kuituma kama hati, isibanwe, ila wengi hawafungui hati. Mimi huikata: vipande vitatu vya 1080 kwa 1600, kila kimoja hatua mbili, na mkato unapita kwenye nafasi tupu kati ya hatua. Juu ya kila kipande naandika "Mkopo, 1 kati ya 3", kwa sababu vitasambazwa kimoja kimoja na cha tatu kitamfikia mtu asiyewahi kuona cha kwanza.

Chini ya kila kipande huwa na mstari mdogo wa tarehe ya mkutano uliopitisha kanuni hizo. Wakibadilisha mara tatu kuwa mara mbili, picha ya zamani haitafutika kwenye simu za watu, lakini katibu atakuwa na pa kuonyesha kidole.