Daraja la thamista: dhana zinazoharibu vipimo

Dhana: daraja lenyewe ndilo linalonyoosha mpindo wa thamista, yaani rezista ambayo ukinzani wake hubadilika na halijoto.

Hapana. Mguu wa pili wa daraja la Wheatstone hutoa volteji isiyobadilika, na kazi yake ni kupunguza tu, ili tokeo lianzie sifuri pale unapotaka. Anayenyoosha ni rezista iliyofuatana na thamista, tena kwa thamani moja tu inayofaa.

Chukua thamista ya aina ya NTC, 10 kΩ kwenye 25 °C, yenye B, kigezo cha ukali wa mpindo wake, ya 3950, na tunataka kupima 0 hadi 50 °C. Kwenye 0 °C ukinzani wake ni kama 33.6 kΩ, kwenye 50 °C unashuka hadi 3.59 kΩ. Wengi huweka rezista ya 10 kΩ kwa sababu inalingana na thamista, na daraja linasawazika vizuri kwenye 25 °C. Linasawazika kweli, ila kunyooka ni habari nyingine. Thamani inayofaa hutafutwa hivi, T ikiwa katikati ya masafa yako kwa kelvini, na R_T ukinzani wa thamista kwenye halijoto hiyo:

R = R_T × (B − 2T) / (B + 2T)

Kwa T ya 298 tunapata karibu 7.4 kΩ, 7.5 kΩ hupatikana kirahisi. Sasa tazama. Tukilipa daraja volti 1, sehemu ya katikati ya mguu wa thamista (thamista juu, rezista chini) inasoma 0.182 V kwenye 0 °C, 0.429 V kwenye 25 °C na 0.676 V kwenye 50 °C. Hatua ya kwanza ni milivolti 246, ya pili 248. Ukirudi kwenye 10 kΩ, hatua hizo zinakuwa 271 na 236.

Bado si mstari kamili. Tokeo linapinda kama herufi S, na katikati ya kila nusu, karibu na 12 na 38 °C, linakosea takribani digrii 1. Kwa 10 kΩ kosa hufika digrii 2. Anayetaka usahihi zaidi apunguze masafa au asahihishe kwa hesabu kwenye kidhibiti. Rezista moja haina miujiza.

Dhana: opampu moja na rezista nne zinatosha kukuza tofauti ya volteji kati ya miguu miwili ya daraja.

Kwenye karatasi zinatosha. Mguu wa pili tuupe 33.6 kΩ juu na 7.5 kΩ chini, ili tokeo liwe sifuri kwenye 0 °C. Tunataka kukuza mara 5, basi tunaweka 10 kΩ kwenye maingizo na 50 kΩ kwenye mrejesho na kwenda ardhini. Kwenye 50 °C tunategemea 2.47 V. Mita inasoma 1.66 V.

Opampu haina kosa. Daraja lina ukinzani wake: ukiutazama kutoka kwenye kikuza, kila mguu ni kama 6.1 kΩ kwenye 0 °C, na huo unajumlishwa na 10 kΩ ulizoziweka. Ukuzaji unashuka hadi mara 3.1 hivi. Ubaya zaidi ni kwamba mguu wa thamista hushuka hadi 2.4 kΩ kwenye joto, kwa hiyo ukuzaji unabadilika kadiri halijoto inavyopanda, na unyoofu uliouhangaikia unaondoka. Kujua ni rahisi: pima miguu ya daraja kabla ya kuunganisha kikuza, kisha baada yake. Volteji ikisogea, unalibebesha mzigo.

Dawa ni kuweka opampu ya kufuata volteji mbele ya kila ingizo, au kutumia kikuza cha vipimo chenye opampu tatu. Maingizo yake hayanyonyi mkondo wa kuhesabika, na ukuzaji hupangwa kwa rezista moja.

Dhana: ishara ni ndogo, basi ongeza volteji ya daraja.

Kwa volti 1 tuna milivolti 10 hivi kwa kila digrii, kwa hiyo kosa la ingizo la milivolti 3, ambalo si ajabu kwa opampu ya bei nafuu kama LM358, ni digrii 0.3. Kishawishi cha kupandisha hadi volti 5 kinaeleweka. Lakini hapo thamista inachoma karibu miliwati 0.8 ndani yake, na kichwa kidogo kwenye hewa tulivu hupanda takribani digrii 1 kwa kila miliwati 1 au 2. Unapima joto ulilolitengeneza mwenyewe. Heri opampu yenye kosa dogo kuliko volteji kubwa.

Ukishuku hali hiyo, punguza volteji ya daraja hadi nusu, subiri usomaji utulie, kisha ugawe tokeo kwa volteji mpya. Halijoto unayoikokotoa ikishuka, thamista ilikuwa inajipasha.